Msamaha wa mitihani ya uhasibu: soma transkripti yako kabla ya kulipa

Mhitimu wa Shahada ya Biashara anapojiandikisha na ACCA, lile shirika la wahasibu lililoanzishwa London mwaka 1904, swali lake la kwanza huwa ni lilelile: nitasamehewa karatasi ngapi? Wenzake humpa hesabu kibarazani. Huyu alipewa tano, yule saba, mwingine wa chuo cha pale mjini alipewa zote tisa. Kila anayetaja idadi kubwa husifiwa kama aliyeokota pesa barabarani. Wachache humuuliza aliyepewa tisa kilichompata alipofika karatasi ya kumi.

Msamaha ni jambo jema, na aliyesomea uhasibu miaka minne hana sababu ya kurudi kufundishwa kuandika ingizo la debiti. Ila msamaha una bei yake na masharti yake, na kuna karatasi ambazo mtu mwenye akili timamu anaweza kuzikataa hata akiwa amepewa. Ukitaka kuamua vizuri, ukae na transkripti yako mezani.

Mitihani ya ACCA ni 13, imegawanywa katika ngazi tatu. Ya chini kabisa ina karatasi tatu za maarifa ya msingi, ambazo hutambulika kwa herufi BT, MA na FA, yaani biashara na teknolojia, uhasibu wa menejimenti na uhasibu wa fedha. Ya pili ina sita za ujuzi: LW ya sheria, PM ya usimamizi wa utendaji, TX ya kodi, FR ya kuripoti hesabu, AA ya ukaguzi na FM ya usimamizi wa fedha. Ya juu ina nne. Mbili za lazima, SBL na SBR, na mbili ambazo mwanafunzi huchagua kati ya nne: AFM, APM, ATX na AAA. Alama ya kufaulu ni 50 kwa kila karatasi.

Msamaha hauvuki ngazi ya pili. Hata uwe na shahada ya uzamili ya uhasibu, zile nne za juu utazifanya mwenyewe, kwa hiyo upeo wa msamaha ni karatasi tisa. Hili ndilo la kushika kwanza, kwa sababu zile nne zimejengwa juu ya zile tisa, na mtahini wa juu huandika maswali akiamini kwamba ya chini unayajua kwa vidole.

Sasa tuchukue mfano. Huyu hapa ni binti wa Nakuru, amemaliza Shahada ya Biashara mkondo wa uhasibu katika chuo kikuu kimoja cha umma, anafanya kazi kwa mfanyabiashara wa pembejeo za kilimo, na ameweka akiba kidogo. Hatua yake ya kwanza haihitaji hata senti. Kwenye tovuti ya ACCA kuna kikokotoo cha misamaha. Unachagua nchi, chuo na jina la shahada, nacho kinakuonyesha karatasi ambazo programu hiyo inaweza kukusamehe.

Hapo ndipo wengi huteleza. Wanaona jina la chuo chao, wanaona orodha ya karatasi, wanafunga simu wakiwa na furaha. Hawasomi yaliyoandikwa chini yake. Idhini ya ACCA hutolewa kwa programu maalumu, kwa miaka maalumu, na mara nyingi kwa sharti kwamba mwanafunzi amesoma yuniti fulani za hiari. Shahada mbili za chuo kimoja, zenye majina yanayokaribiana, zinaweza kupewa misamaha tofauti. Mkondo wa uhasibu si mkondo wa fedha, na mkondo wa fedha si mkondo wa masoko, hata kama wote walivaa joho siku moja.

Binti wetu anasoma vizuri. Anaona kwamba msamaha wa AA, karatasi ya ukaguzi, unamtaka awe amesoma yuniti ya pili ya ukaguzi, ambayo kwao ilikuwa ya hiari. Yeye muhula ule alichukua ujasiriamali, kwa sababu darasa la ukaguzi lilikuwa saa moja asubuhi siku ya Ijumaa. AA imekwenda. PM nayo inataka uhasibu wa menejimenti wa juu, ambao yeye hakuusoma. Mwisho wa hesabu anabaki na saba: BT, MA, FA, LW, TX, FR na FM.

Ambaye programu yake haimo kabisa kwenye orodha bado anaweza kuomba, na shahada yake itapimwa kivyake. Huyo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya muhtasari wa yuniti, ile karatasi ambayo mhadhiri hugawa wiki ya kwanza ikieleza mada, vitabu na namna ya kutahini. Transkripti husema tu "Uhasibu III" na alama. Haisemi kama Uhasibu III ulikuwa na hesabu za makundi ya kampuni au ulikuwa marudio ya Uhasibu II. Ukiitupa mihtasari hiyo, kuipata tena idarani miaka mitano baadaye ni kazi, hasa ikiwa mtaala umebadilishwa na karani aliyekuwa akiitunza amestaafu.

Kujiandikisha kwenyewe hufanyika mtandaoni. Unafungua akaunti, unajaza maelezo, unapakia kitambulisho cha taifa au pasipoti, vyeti vya masomo na transkripti kamili, kisha unalipa ada ya kujiandikisha. Nyaraka zisizo za Kiingereza hutakiwa ziambatane na tafsiri rasmi, jambo ambalo ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa hulijua vizuri. Aliye mwaka wa mwisho anaweza kujiandikisha mapema, ila misamaha ya shahada itasubiri mpaka amalize na kuonyesha ushahidi. Huwezi kusamehewa kwa nusu ya shahada.

Kinachochelewesha watu huku kwetu mara nyingi ni majina. Kitambulisho kinasema majina matatu, cheti cha shahada kinasema mawili, transkripti imegeuza la mwisho likawa la kwanza, na cheti cha sekondari kina herufi moja iliyokosewa tangu mtu akiwa darasa la nane. Kwetu sote tunajua ni mtu mmoja. Anayepitia faili akiwa mbali hajui, na kazi yake inamtaka asiamini. Aliyeolewa akabadili jina aambatanishe cheti cha ndoa tangu mwanzo. Mwenye majina yasiyooana apate hati ya kiapo mapema, asingoje kuulizwa, maana kila swali na jibu hula muda, na tarehe ya mwisho ya kujisajili kwa mtihani haimsubiri mtu.

Kuna jambo la kalenda pia. Ada ya mwaka ya uanafunzi hudaiwa tarehe 1 Januari, bila kujali ulijiandikisha mwezi gani. Aliyejiandikisha Oktoba kwa msisimko wa kupata mshahara wa kwanza atashangaa kudaiwa tena baada ya sikukuu, kabla hata hajafungua kitabu. Asiyelipa huondolewa kwenye rejista, na kurudi ni kulipa deni pamoja na ada nyingine ya kurejeshwa. Mitihani ya kipindi hufanyika Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kama huna nia ya kuketi Desemba, sioni faida ya kujiandikisha mwishoni mwa mwaka.

Baada ya nyaraka kukubaliwa, barua ya misamaha hufika kwenye akaunti, na hapa ndipo wengine hushtuka kweli. Kila karatasi uliyosamehewa ina ada yake. Ile ya ngazi ya maarifa haijafika pauni 100, na ile ya ngazi ya ujuzi imepita hapo. Viwango hubadilika, lakini tukikadiria pauni 85 kwa ya maarifa na 115 kwa ya ujuzi, misamaha saba ya binti wetu, mitatu ya maarifa na minne ya ujuzi, inagharimu pauni 715. Kwa shilingi 170 za Kenya kwa pauni, hiyo ni zaidi ya laki moja na ishirini elfu. Akiikubali yote, atakuwa amelipia mitihani saba ambayo hataifanya.

Bado ni nafuu, tusidanganyane. Angeifanya, angelipa ada ya mtihani, masomo, vitabu, na miezi ya kulala usiku wa manane, tena bila uhakika wa kupita mara ya kwanza. Ila kwa kuwa kila msamaha unalipiwa, kila msamaha unastahili kuulizwa swali: huu unaninunulia nini?

BT, MA na FA zinamnunulia muda, akubali bila kusita. LW vilevile, hakuna karatasi ya sheria inayomsubiri ngazi ya juu. TX ndiyo ambayo mimi nisingeikataa hata kwa kubembelezwa. Kenya haina toleo lake la karatasi hiyo, Tanzania pia haina, kwa hiyo mwanafunzi wa huku hufanya toleo la Uingereza. Maana yake ni kukaa Nakuru ukikariri michango ya bima ya taifa ya Waingereza, nafuu zao za kodi na sheria yao ya fedha ambayo hubadilika kila mwaka, kisha Jumatatu unarudi ofisini kujaza marejesho ya KRA. Kama yuniti yako ya kodi imekuondolea mzigo huo, lipa ada na ushukuru. Atakayetaka kuchagua ATX ngazi ya juu ndiye pekee mwenye sababu ya kufikiri mara mbili.

FM inategemea chaguo. Binti huyu anafikiria APM na AAA, hivyo hatakutana na AFM. Aikubali.

Imebaki FR, na hiki ndicho kiini cha habari yote. FR hufundisha kutayarisha na kuchambua hesabu za kampuni na za kundi dogo la kampuni kwa viwango vya kimataifa. SBR, ambayo hakuna anayeikwepa, huanzia pale FR ilipoishia. Haikuulizi namna ya kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu yake. Inakupa kundi ambalo mama alinunua tanzu kwa awamu, tanzu nyingine iko ng'ambo na huweka vitabu kwa sarafu nyingine, kisha inakutaka uieleze bodi kwa nini mkurugenzi wa fedha amekosea. Aliyesamehewa FR kwa nguvu ya yuniti aliyoisoma mwaka wa tatu akiwa na mawazo ya mechi ya jioni hufika hapo akiwa na cheti mkononi na pengo kichwani.

Pengo lenyewe lina sura mbili. Moja ni kusahau, na hilo linatibika. Ya pili ni kwamba viwango vimebadilika tangu aliposoma, na huenda hajui kwamba anachokumbuka kimekufa. Maelezo ya darasani ya binti wetu, yale ya kunakili yanayorithishwa kutoka kundi moja hadi jingine, yalikuwa bado yanafundisha upangaji kwa kiwango cha zamani, IAS 17. Kiwango kipya, IFRS 16, kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Tofauti yake si ndogo. Tuseme mwajiri wake amepanga ghala kwa miaka mitatu, kodi ni shilingi 1,200,000 kila mwisho wa mwaka, na riba ambayo angekopea ni asilimia 10. Kwa maelezo yale ya zamani, mkataba wa kawaida wa kupanga ulikuwa rahisi: kila mwaka gharama 1,200,000, na kwenye mizania hakuna kinachoonekana. Kwa IFRS 16, siku ya kwanza anatafuta thamani ya leo ya malipo matatu yajayo. Anazidisha 1,200,000 kwa 2.4869 na kupata takribani 2,984,000. Kiasi hicho kinaingia upande wa mali kama haki ya kutumia ghala, na upande wa madeni kama deni la upangaji. Mwaka wa kwanza mali inachakaa kwa theluthi yake, karibu 995,000, na deni linazaa riba ya karibu 298,000. Gharama ya mwaka wa kwanza inakuwa kama 1,293,000. Faida imepungua kwa zaidi ya 90,000, na kampuni ambayo jana haikuwa na deni la ghala leo ina deni la karibu milioni tatu ambalo benki italiona.

Katika FR mwanafunzi hufanya hesabu hiyo mara kumi, akikosea, akirudia, mpaka mkono uizoee. Katika SBR huulizwa athari yake kwa uwiano wa deni na mtaji, na nini kinatokea kampuni ikiuza ghala lake kisha ikalipanga. Asiyepita la kwanza hawezi la pili. Na mabadiliko hayajaisha: IFRS 18, inayochukua nafasi ya IAS 1 na kupanga upya taarifa ya faida na hasara, inaanza kwa miaka ya hesabu inayoanza tarehe 1 Januari 2027.

Namna ya kujipima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usijiulize kama ulipata A. Jipe swali. Kampuni mama ina asilimia 80 ya tanzu. Tanzu imemuuzia mama bidhaa kwa 600,000 zilizogharimu 450,000, na mwisho wa mwaka theluthi ya bidhaa hizo bado ziko stoo. Rekebisha hesabu za kundi. Kama ndani ya dakika chache umesema kwamba faida ya 50,000 haijapatikana, ukaitoa kwenye stoo, kisha ukaigawa 40,000 kwa mama na 10,000 kwa wanahisa wachache kwa sababu muuzaji alikuwa tanzu, chukua msamaha wako uende zako. Kama umetoa 150,000 yote, au umekumbuka 50,000 ukaibebesha kampuni mama peke yake, FR bado inakuhitaji. Chukua pia mtihani wa mfano kwenye tovuti ya ACCA, ufanye kwa saa tatu bila kitabu. Ukipata chini ya 50, jibu unalo.

Binti wetu alibaki na misamaha sita. Amekataa FR, na alifanya hivyo kabla ya kuulipia, ambao ndio wakati wa kukataa. Njia yake sasa ina karatasi tatu za ujuzi, PM, AA na FR, kisha zile nne za juu, jumla saba. Ratiba imerefuka kwa kipindi kimoja hivi cha mitihani. Kwa hesabu yangu amefanya biashara nzuri, maana kuanguka SBR mara mbili humla mtu muda mrefu kuliko huo, na ada ya karatasi za juu ni kubwa zaidi. Yupo atakayesema kwamba anaweza kukubali msamaha na kujisomea FR nyumbani. Sawa, wapo wanaoweza. Wengi wetu husoma kwa bidii tunapokuwa na tarehe ya mtihani.

Ajuaye hayo pia asisahau kwamba kumaliza mitihani hakumfanyi mtu mwanachama. Kuna moduli ya maadili, na miezi 36 ya uzoefu wa kazi unaothibitishwa na msimamizi. Hakuna yuniti ya shahada inayosamehe hiyo miezi. Na rejista za hapa nyumbani, ICPAK kwa Kenya na NBAA kwa Tanzania, ni mlango mwingine wenye masharti yake. Anayenuia kusaini ripoti za ukaguzi katika nchi hizi aulizie huko mapema, kabla hajamaliza mtihani wa mwisho wa London.

Lililobaki ni la vyuo vyetu. Orodha ya yuniti za hiari zinazohesabiwa kwa msamaha inajulikana, ipo kwenye tovuti na ipo kwenye mafaili ya wakuu wa idara. Mwanafunzi huijua akiwa ameshavaa joho, wakati ambapo ujasiriamali wa Ijumaa hauwezi tena kugeuzwa kuwa Ukaguzi II. Wakuu wa idara za uhasibu wabandike orodha hiyo ukutani mwanzoni mwa mwaka wa pili, siku ya kuchagua yuniti, na siku ya mahafali wampe kila mhitimu mihtasari ya yuniti zake pamoja na transkripti.